Kijibarua cha kutoka Voronezhi

Mwalimu mstaafu wa Morogoro aliwahi kuandikiana kwa miaka mingi na rafiki wa kalamu wa mji wa Voronezhi, Urusi. Wanawe waliomba barua moja ya mwaka 1986 itafsiriwe, na walipoisoma kwa Kiswahili wakashangaa: huyu ndiye rafiki aliyemchekesha mama hadi machozi? Sentensi zake za kwanza zilitoka hivi: "Mpendwa, ninakutumia barua. Ninaandika kama kuku kwa mguu."

Nimeilinganisha tafsiri hiyo na barua yenyewe. Hakuna uongo ndani yake, lakini mwandishi hayumo. Alipotelea mahali pawili: kwanza kwenye wino, kisha kwenye sarufi.

Tuanze na wino. Mrusi huandika barua kwa herufi za kuunganisha, na nyingi hazifanani na zile za vitabuni. T yao ya mkono inaonekana kama m yetu, p kama n, i kama u, d kama g. Sh ni kama w. Herufi i, sh, l na m zote hujengwa kwa mikwaju ya kupanda na kushuka, kwa hiyo zikifuatana, jicho huona mawimbi tu. Dawa ni kuhesabu mikwaju na kutafuta alama ndogo: l na m huanza na kikulabu chini upande wa kushoto, na waandishi wengine huchora mstari chini ya sh na juu ya t ili wasiwachoshe wasomaji. Rafiki yetu hakuchora.

Neno ambalo mfasiri alilitafsiri kuwa "barua" si "pismo", neno la kawaida la barua. Ni "pismishko". Katikati yake m, i na sh zimefuatana, wimbi moja refu. Mfasiri aliutambua mwanzo wa neno, akauruka mkia. Na kwa Kirusi mkia wa neno ndipo mapenzi na mzaha vinapokaa. "Pismetso" ni barua ndogo inayopendwa. "Pismishko" ni barua ambayo mwandishi mwenyewe anaicheka, kama mtu anayekukaribisha kwenye "kijumba changu hiki". Bahati mbaya, mkia ndipo pia kalamu inapoharakisha.

Tuseme mfasiri angeusoma vizuri. Bado sarufi ingemtega. Akiweka ki- mbele ya barua anapata kibarua, yaani kazi ya kutwa au mtu anayeifanya. "Nakutumia kibarua" ingewafanya watoto wamngoje fundi mlangoni. Lakini Kiswahili kina kiji-, na "kijibarua" kina dharau kidogo. Dharau hiyo ingekuwa kosa kama angekuwa anaizungumzia barua ya mwenzake. Kwa kuwa anaidharau ya kwake, inafaa kabisa.

Kanuni hiyohiyo haifai kwa neno la kwanza, "lapochka". Kwa asili ni "kimguu", kwa maana ya mguu wa mnyama mdogo, kama wa paka, na Warusi huitana hivyo kwa upendo. Ukiandika "kimguu changu" msomaji atadhani ni ugonjwa. "Mpendwa" nalo limechoshwa na barua za ofisi na kadi za mwaliko. Hapa mapenzi yahamishwe kutoka kwenye nomino. Wanawake wawili marafiki wa Morogoro wangesema "mwaya", neno lisilobeba maana nyingi ila ukaribu.

Linabaki suala la kuku. Warusi husema mwandiko mbaya ni kama wa kuku kwa mguu wake, nasi tunasema kuku kachakura. Mfano ni ule ule, ila mfasiri ameufuata neno kwa neno hadi mguu ukaning'inia peke yake. Alichokosa kuona ni kwamba "lapa", mguu huo wa kuku, ndiyo mzazi wa "lapochka". Rafiki anamwita mwenzake kimguu, kisha anaulaumu mguu wake mwenyewe kwa mwandiko. Na mwandiko ulio mbele ya macho unathibitisha shtaka.

Mchezo huo wa lapa na lapochka siwezi kuuvusha. Ninachoweza ni kuulipia mahali pengine, kwa kurudiarudia kitenzi:

"Mwaya, nakutumia kijibarua changu. Usinicheke, ni kama kuku kakichakurachakura."

"Usinicheke" haimo katika Kirusi, na mkaguzi mkali ataniuliza nimeitoa wapi. Nimeitoa kwenye mkia wa "pismishko", uliomaanisha hasa hilo. Ningekubali kuiondoa kama "kijibarua" peke yake kingetosha, lakini msomaji anayekipita haraka anaweza kudhani ni kipimo cha karatasi. Barua hiyo ina kurasa nne.