Hatifungani ya wanunuzi wa mtama: hofu ya wakopeshaji ilivyopimwa

Oktoba 2021, kampuni ya bia ya EABL ilikopa shilingi bilioni 11 kwa hatifungani ya miaka mitano yenye riba ya asilimia 12.25 kwa mwaka. Hii ndiyo kampuni ambayo mtama wa wakulima wengi wa Kitui na Makueni huishia kwake, kutengenezewa bia ya Senator Keg. Mwezi uliofuata Serikali nayo ikauza hatifungani yake ya muda uleule, FXD1/2021/005, kwa riba ya asilimia 11.277. Pengo kati ya riba hizo mbili ni asilimia 0.973. Humo ndimo wakopeshaji walimoweka hofu yao, na hofu hiyo inaweza kuhesabiwa.

Hesabu huanza na dhana moja: mkopeshaji hajali hatari, mradi wastani wa malipo ulingane na ule wa Serikali. Anayeikopesha Serikali shilingi 100 kwa mwaka mmoja hulipwa 111.277. Anayeikopesha EABL huahidiwa 112.25, lakini huenda kampuni ikashindwa kulipa, naye akaambulia sehemu tu ya deni. Tuseme ataambulia asilimia 40, makadirio ambayo wachambuzi wengi duniani huanza nayo. Uwezekano wa kampuni kushindwa tuuite p.

```
112.25 × (1 − p) + 0.40 × 112.25 × p = 111.277
p = 0.973 / (112.25 × 0.60) ≈ 0.0144
```

Kwa hiyo p ni takriban asilimia 1.4 kwa mwaka. Ili kupata uwezekano wa miaka mitano, pengo likichukuliwa kuwa lilelile kila mwaka, hatuzidishi kwa tano. Tunahesabu uwezekano wa kampuni kuvuka salama kila mwaka, yaani 0.9856 ikijizidisha yenyewe mara tano, nao ni kama asilimia 93. Kinachobaki, asilimia 7, ndicho uwezekano wa kushindwa uliomo ndani ya bei.

Asilimia 40 ile ndiyo inayobeba hesabu nzima, na pengo lenyewe haliithibitishi. Ukiamini kwamba wadai wataambulia asilimia 10 tu, uwezekano wa miaka mitano unashuka hadi 4.7. Ukiamini wataambulia 70, unapanda hadi 13.6. Huenda hilo likamshangaza msomaji, lakini sababu yake ni rahisi: pengo ni hasara inayotarajiwa, na hasara ndogo kwa kila tukio hulazimu matukio mengi ili pengo lilelile lijae. Anayetaja uwezekano bila kutaja marejesho hajasema kitu.

Mtego wa pili ni kodi. Hatifungani zote mbili hapa ni za miaka mitano na riba zake hukatwa kodi ileile, asilimia 15, hivyo ulinganisho ni wa haki. Safaricom ilipouza hatifungani yake ya kijani mwishoni mwa 2025 kwa asilimia 10.4, riba hiyo haikutozwa kodi. Ukiipima moja kwa moja dhidi ya karatasi ya Serikali inayotozwa, unaweza kupata pengo hasi, na uwezekano chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Lazima kwanza uigawanye kwa 0.85, ipande hadi 12.24, ndipo ulinganishe.

Hata baada ya kusawazisha kodi, si pengo lote ni hofu ya kutolipwa. Hatifungani za kampuni huuzwa na kununuliwa kwa nadra katika Soko la Hisa la Nairobi, na mnunuzi hudai nyongeza kwa sababu akitaka kutoka hatapata mteja haraka. Pia hudai malipo ya ziada kwa kubeba hatari yenyewe. Nusu ya pengo ikiwa ya sababu hizo, asilimia 7 inakaribia 3.6. Kwa maoni yetu, asilimia 7 ichukuliwe kama bei ya bima, si utabiri.

Tena bei hubeba tu yale ambayo wanunuzi wanayajua. Imperial Bank ilikuwa imetoka tu kuuza hatifungani yake ilipowekwa chini ya usimamizi wa mrasimu Oktoba 13, 2015. Udanganyifu ulikuwa umefichwa ndani ya vitabu, na pengo la riba halikuuona. Kwa EABL, hatari iliyojulikana zaidi ilikuwa ya sera: 2013 Serikali ilipopunguza msamaha wa ushuru wa Keg, mauzo yaliporomoka na soko la mtama likanywea. Mkulima hupigwa na pigo kama hilo muda mrefu kabla mwenye hatifungani hajakosa riba hata moja, kwa hiyo asilimia 7 haipimi hatari yake.

Chama au sacco ya Wote ikiletewa hatifungani ya kampuni, iulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: riba ya Serikali ya muda uleule ni ipi, kodi inafanana, na kampuni ikianguka wadai wataambulia ngapi kwa kila shilingi 100?