Mwezi Badala ya Mlango

Mzee alinisikiliza hadi chai ikapoa, kisha akaniuliza swali moja tu: "Hiyo satelaiti yenu inajua mathenge?"

Ilikuwa Septemba, siku za mwisho za usajili wa takaful ya mifugo kabla ya mvua za deyr. Nilikuwa wakala, na kutwa nzima nilizunguka maboma ya huku juu ya Garissa na begi la fomu. Nilikuwa nimemweleza mzee kwamba hatuhesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa ardhi katika eneo lake, kipimo hicho kikalinganishwa na miaka iliyopita, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila aliyejiunga katika eneo hilo hulipwa. Akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akanyoosha fimbo upande wa mto Tana, kwenye ule msitu wa mathenge ambao hubaki kijani hata nyasi zikigeuka vumbi. "Ng'ombe wangu watakufa," akasema, "na satelaiti yenu itasema malisho yapo." Akakataa kwa adabu, akaagiza nimiminiwe kikombe cha pili.

Usiku ule niliketi kumwandikia ujumbe wa shukrani. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yetu ninayoiheshimu kuliko zote, na nilichelewa kuijua.

Niliijua kwa kumuumiza mtu. Februari 2017, serikali ilipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, nilimwandikia mama mmoja aliyekuwa amenikatalia msimu wa nyuma. Nilimpa pole, nikamshukuru, kisha nikaongeza sentensi iliyoanza na "laiti". Nilidhani namwonyesha njia. Mama yule hakusoma mwenyewe. Alisomewa na mwanawe mbele ya jamaa waliokuja kumfariji kwa mbuzi waliokwisha, na wote wakasikia kwamba msiba ule ni kosa lake. Hakupokea simu yangu tena. Sikumlaumu, wala sasa simlaumu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika neno, humtazama kwanza msomaji wangu wa kweli. Huyo ni mtoto. Ujumbe wa wakala Kaskazini Mashariki mara nyingi hufika kwenye simu ya mzee asiyesoma, ukasomwa kwa Kiswahili na mjukuu wa darasa la sita, naye akaugeuza kwa Kisomali papo hapo, kwa sauti, huku watu wamekaa. Kila sentensi lazima ivuke mto huo wa tafsiri bila kulowa. Sentensi ndefu hukatika katikati. Methali hufika ikiwa imegeuka kitu kingine. Ukiandika "mlango wetu uko wazi," mtoto atatafsiri mlango, na mzee anayelala ndani ya herio la mikeka atajiuliza ni mlango gani huo, na nani alimwambia umefungwa.

Kwa hiyo sikuandika mlango, niliandika mwezi. Biashara yetu ina neema hii: usajili hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, Januari na Februari kabla ya mvua za gu, na Agosti na Septemba kabla ya deyr. Mvua ikishaanza kuonyesha sura yake, hatupokei mtu, maana kila mmoja angengoja aone mawingu kwanza. Aliyekataa leo ana tarehe ya kweli mbele yake, na akitajiwa tarehe hiyo peke yake anakuwa huru kuja au kutokuja. "Ukibadili mawazo nipigie" ni maneno ya kumsukuma: yanasema mawazo yake ya sasa yana kasoro.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kunyamaza. Jibu la mathenge nilikuwa nalo nusu. Kipimo hulinganisha mahali na historia yake penyewe, hivyo vichaka vilivyokuwa kijani miaka yote vimo tayari ndani ya hesabu. Ila pale ambapo mathenge imeenea upya na kufunika nyasi za zamani, mzee alikuwa na haki kabisa: ukijani unaweza kudanganya, na mtu akapoteza ng'ombe asilipwe. Nilitamani kumwandikia ile nusu iliyonifaa. Lakini mtu aliyekupa sababu yake amekupa kitu cha thamani, na ukimjibu hoja ndani ya shukrani, shukrani hufa palepale. Sababu yake irudishiwe heshima, tena kwa neno lilelile alilotumia mwenyewe. Sikuandika "changamoto za uoto". Niliandika mathenge.

Kisha kuna nafasi yenyewe. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, na mimi sipendi kuvuka hapo, kwa kuwa huko mtandao hushika juu ya kilima tu na ujumbe uliogawanyika vipande viwili unaweza kufika nusu. Nilifuta mara nne. Jina la kampuni likatoka, kwa kuwa alinijua mimi, si kampuni. Neno "lakini" likatoka. Kilichobaki ni hiki:

"Asalamu aleikum Adeer. Asante kwa chai na muda wako jana. Swali la mathenge nimelipeleka ofisini. Usajili mwingine ni Januari. Mungu alete mvua."

Sikuutuma usiku ule, kwa sababu swali lilikuwa bado halijafika ofisini. Asubuhi nilipita kwanza kwa msimamizi, nikaliandika kwenye daftari la maswali ya wafugaji, ndipo nikabonyeza. Mjukuu akisoma "nimelipeleka," liwe limepelekwa. Dua ya mwisho nayo si pambo. Mvua ikinyesha vizuri, mzee hatahitaji bidhaa yangu, na ni lazima niwe mtu anayemtakia hivyo kwa moyo. Asipoweza kuisema dua hiyo kwa dhati, wakala asiiandike.

Hakujibu. Wengi hawajibu. Januari ilipofika nilimtumia jibu la mathenge, nusu zote mbili, ile iliyonifaa na ile iliyomfaa yeye, bila kumwomba kitu. Hapo pia akanyamaza, na Februari ikafungwa. Mwenzangu mmoja alinishauri nimpigie simu. Nilikataa. Tarehe nilishamwachia, na kumfuata nayo kungekuwa kuichukua tena.

Agosti iliyofuata, jioni, simu yangu ililia kutoka namba yake. Alikuwa mjukuu, na sauti ilikuwa ya mtoto anayefikisha maneno ya mtu aliyekaa karibu naye. Nilimsikia mzee nyuma akisema kipande kwa Kisomali, kisha mtoto akikigeuza, kisha kipande kingine.

"Babu anasema chai ipo," mtoto akasema.

Kimya kidogo.

"Anasema ng'ombe wa kando ya mto waache. Huko kuna mathenge. Andika sita walio Lagdera."