Faili la MB 8 Lililogonga Mlango wa MB 10

Mgavi mmoja ana kurasa 12 za kutuma kwa barua pepe: leseni ya biashara, cheti cha namba ya mlipakodi, kotesheni na barua zenye mihuri. Amezipeleka steshenari, zikaskaniwa kwa rangi, akapewa PDF moja ya MB 8.4. Ameambatisha faili kwenye Gmail, ambayo kikomo chake ni MB 25, na ujumbe ukaondoka bila kulalamika. Dakika moja baadaye unarudi ujumbe kutoka kwa `Mail Delivery Subsystem`: barua yako haikufika. Anapiga simu kwa kijana wa kompyuta wa kampuni anayoiandikia, naye anamjibu kwa uhakika kwamba seva yao inapokea hadi MB 10.

Wote wawili wanasema kweli. MB 8.4 ni ndogo kuliko 10, na 10 ndicho kikomo. Barua imekataliwa kwa sababu kilichofika mlangoni hakikuwa faili la MB 8.4.

Itifaki inayosafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982 kwa ajili ya maandishi matupu: herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache, katika mistari isiyozidi herufi 1,000. Picha, sauti au PDF ni mfululizo wa baiti za kila aina, na njia ile haikutengenezwa kuzipitisha. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walileta utaratibu wa MIME, ambao haukubomoa njia ya zamani. Ulilivika faili sura ya maandishi ili lipite humo humo, na mavazi yake yanaitwa Base64.

Kazi yenyewe ni hesabu nyepesi. Baiti tatu zina biti 24. Biti hizo zinagawanywa mafungu manne ya biti sita sita, na kila fungu linaandikwa kwa herufi moja kati ya 64 zilizochaguliwa: A hadi Z kubwa na ndogo, tarakimu 0 hadi 9, na alama mbili, `+` na `/`. Kila kilichoingia kikiwa baiti tatu kinatoka kikiwa nne. Ukitaka kuona kwa macho, fungua kwenye Gmail barua yenye kiambatisho cha PDF, bonyeza menyu ya nukta tatu, chagua `Show original`, kisha shuka chini. Utakuta ukuta wa herufi zisizosomeka unaoanza na `JVBERi0x`. Hizo herufi nane ni baiti sita za kwanza za faili, `%PDF-1`, zikiwa zimeshavaa. Kiambatisho kikiwa picha ya JPEG, ukuta utaanza na `/9j/`. Ukishaiona mara moja hutaisahau.

Turudi kwa mgavi wetu. Baiti 8,400,000 zikigeuzwa zinakuwa herufi 11,200,000. Base64 inakatwa katika mistari ya herufi 76, na kila mwisho wa mstari unaongeza baiti mbili, hivyo zinaingia nyingine karibu 295,000. Ongeza kichwa cha barua na salamu zake, na mzigo unakaribia baiti milioni 11.5. Upande wa pili kuna seva inayotumia Postfix, programu ya barua iliyoenea sana, ambayo kikomo chake cha kiwandani ni baiti 10,240,000. Wasimamizi wengi hawakigusi. Mazungumzo ya seva mbili hizo, yakifupishwa, yanakwenda hivi:

```
250-mail.example.com
250-SIZE 10240000
MAIL FROM:<mgavi@example.org> SIZE=11497000
552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit
```

Mistari miwili ya kwanza ni seva pokezi ikijitambulisha na kutaja kikomo chake. Wa tatu ni seva inayotuma ikitangaza ukubwa wa ilichobeba, na wa nne ni mlango kufungwa kabla hata ya herufi moja ya PDF kusafiri. Kwa hiyo ukiambiwa kikomo ni fulani, gawanya kwa 1.37 ndipo upate ukubwa wa faili unaoweza kupita. Kwa seva hii, baiti 10,240,000 zinatoa faili la kama MB 7.4. Mgavi alizidi kwa MB moja tu.

Kitu cha kusoma kwenye barua iliyorudi ni namba hizo, kwa maana maneno yanayozizunguka hubadilika kutoka seva moja hadi nyingine. Namba ya kwanza ikianza na 5, katalio ni la kudumu na kutuma tena faili lile lile ni kupoteza bando. Ikianza na 4, seva itajaribu tena yenyewe. `5.3.4` maana yake ujumbe ni mkubwa kuliko mfumo unavyoruhusu, na `5.2.3` ni kikomo kilichowekwa na msimamizi. Lakini `5.2.2` ni kisa kingine kabisa: kisanduku cha mpokeaji kimejaa, na hapo hata barua ya mstari mmoja inaweza kurudi. Watu hubana mafaili mchana kutwa wakati dawa ilikuwa ni kumpigia mpokeaji afute barua zake za zamani.

Kuna kushindwa kwa namna nyingine kusikoleta barua yoyote. Ujumbe unakaa kwenye kikasha cha zinazosubiri kutoka, kwenye simu, na kinaonekana kiduara kinazunguka. SMTP haina utaratibu wa kuendelea pale ilipokatikia. Faili la MB 20 linakuwa karibu MB 27 njiani, na kwenye mtandao unaopandisha megabiti moja kwa sekunde linahitaji zaidi ya dakika tatu na nusu bila kukatika. Mtandao ukiyumba dakika ya tatu, programu inaanza upya kutoka herufi ya kwanza, na kila jaribio linakula bando lake. Ujumbe wa aina hiyo ufute kwenye kikasha hicho kabla hujafikiria jambo lingine.

Sasa, kubana. Ushauri wa kwanza anaopewa kila mtu ni "izipu kwanza", na kwa mgavi wetu ushauri huo haufai kitu. Kuzipu hufanya kazi kwa kutafuta mifuatano inayojirudia na kuiandika kwa kifupi. Faili la maandishi matupu, la CSV au picha ya BMP lina marudio tele, nalo hupungua sana. PDF iliyotoka kwenye skana ndani yake ni picha 12 za JPEG, na JPEG ilishabanwa ilipotengenezwa. Kuizipu ni kukamua kapi la muwa: MB 8.4 zitatoka zikiwa karibu zile zile. Mafaili ya Word ya `.docx` ni vivyo hivyo, kwani kila moja lenyewe tayari ni zipu lililobadilishwa jina. Faida ya zipu inayobaki hapo ni kukusanya mafaili mengi katika moja. Wala usiliwekee nywila ukidhani unalilinda, maana Gmail hukataa mazipu ya aina fulani ambayo haiwezi kuyakagua ndani.

Kinachopunguza PDF ya skana ni kupunguza picha zenyewe. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani milioni 8.7. Ukishuka hadi 150 kwa inchi, upana unakuwa nusu na urefu unakuwa nusu, hivyo nukta zinabaki robo. Maandishi ya barua ya kawaida yanasomeka vizuri kwa 150. Mwenye kompyuta yenye Ghostscript anaweza kufanya hivyo bila kurudi steshenari:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook \
   -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf
```

Neno `/ebook` ndilo linaloteremsha picha hadi 150. Lipo pia `/screen`, linaloshuka hadi 72, nalo siliamini kwa hati zenye mihuri: tarehe ndani ya duara la muhuri hugeuka ukungu, na karani atairudisha. Ukimaliza, kuza ukurasa wenye maandishi madogo kuliko yote usome mwenyewe kabla ya kutuma.

Njia iliyo bora zaidi ni kuanzia kwenye skana. Karatasi isiyo na rangi ya maana iskaniwe kwa kijivu. Ikiwa ni maandishi meusi tu, skana ina chaguo la nyeusi na nyeupe, ambapo kila nukta inachukua biti moja badala ya 24, na ukurasa mmoja huweza kushuka hadi makumi ya kilobaiti hata kwa 300. Kijana wa steshenari akiambiwa tu "niskanie" atabonyeza rangi, kwa sababu ndivyo mashine ilivyowekwa. Mwambie unachotaka.

Kuna mizigo ambayo hakuna kubana kutakakoiokoa: video, michoro ya majengo, picha za harusi. Hapo ndipo kiungo cha wingu kinapofaa. Gmail yenyewe, ukizidi MB 25, hulipeleka faili kwenye Google Drive na kuacha kiungo ndani ya barua. Faili likipandishwa wingu halipiti SMTP, halivishwi Base64, na kupandisha kukikatika programu inaweza kuendelea palipoishia. Seva ya mpokeaji inaona barua ya kilobaiti chache.

Kasoro ya kawaida ni ruhusa. Faili likibaki `Restricted`, mpokeaji anafungua kiungo na kuambiwa aombe ruhusa, ombi linaingia kwenye barua zako usiku umelala, na saa ya mwisho inapita. Chagua `Anyone with the link`, kisha fungua kiungo hicho katika dirisha la siri la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yako. Likifunguka hapo, litafunguka kwake. Kumbuka tu kwamba yeyote atakayetumiwa kiungo hicho naye atafungua, kwa hiyo nakala ya kitambulisho au taarifa ya benki usiiweke hivyo. Ishirikishe kwa anwani ya mpokeaji peke yake.

Tofauti kubwa zaidi ni kwamba kiambatisho ni nakala, na kiungo ni mahali. Barua ikishafika, PDF iliyomo ni mali ya mpokeaji, na tarehe ya kuwasili ipo kwenye kichwa cha barua. Kiungo kinaelekeza kwenye faili lililo mkononi mwako, ambalo unaweza kulibadilisha kesho au kulifuta mwezi ujao nafasi yako ya bure ya GB 15 ikijaa. Ofisi inayopokea bei za ushindani ina sababu ya kukataa kotesheni iliyoletwa kwa kiungo, hata kama mleta ni mwaminifu. Mgavi wetu anafanya vema kuteremsha kurasa zake 12 hadi 150 na kuziambatisha kama kawaida, kisha picha za bidhaa zilizo kubwa azipandishe wingu na kiungo chake akiweke kwenye barua hiyo hiyo, pamoja na jina la faili na ukubwa wake ili mpokeaji ajue atapakua kiasi gani kabla hajabonyeza.