Pete Ikikaa na Nyoka, Usikimbilie Kumtafuta Mwanamke

Mwaka jana niliharibu uchumba wa rafiki yangu kwa kadi tatu: Pete, Nyoka, Samaki. Aliuliza kama anaweza kumwamini jamaa aliyemchumbia. Nilivyoona tu Nyoka kando ya Pete, sikungoja. "Kuna mwanamke mwingine," nikamwambia.

Usiku huo akapekua simu ya jamaa. Mwanamke hakuwepo. Kulikuwa na mikopo minne ya simu, jamaa akikopa huku ili alipe kule, akiona aibu kusema. Waliachana hata hivyo, kwa sababu ya ule upekuzi.

Usomaji wangu ulikuwa mbovu, na naona wasee wengi wakisoma vivyo hivyo. Seti ya Lenormand ina kadi 36. Ilitokana na mchezo wa mezani wa Kijerumani wa mwishoni mwa karne ya 18. Jina la Marie Anne Lenormand, mpiga ramli wa Paris, lilibandikwa baada ya yeye kufa mwaka 1843. Kwenye seti nyingi, kila kadi ina karata ya kawaida imechorwa ndani. Nyoka, namba 7, ni malkia wa maua, na hapo ndipo "yule mwanamke" hutokea. Ni maana halali, lakini si ya pekee. Nyoka pia ni njia inayojipinda: jambo linalofika kwa kuzunguka.

Kadi hizi husomwa kama sentensi. Ya kwanza ndiyo jambo lenyewe, zinazofuata zinaieleza. Pete, namba 25, ni ahadi au mkataba. Samaki, namba 34, ni pesa. Soma mpaka mwisho: ahadi inayopindwapindwa na mambo ya pesa. Jibu lilikuwa mezani, mimi nikakata sentensi katikati kwa sababu nilitaka adui mwenye sura.

Kama angekuwa Mbweha, namba 14, ningekuwa na hoja tofauti. Kando ya Nyoka, ahadi inaweza kuwa ya kweli, ila kuna kitu kinafichwa njiani. Kando ya Mbweha, ahadi yenyewe inatiliwa shaka: imetolewa kwa faida ya nani? Lakini kuna wasomaji wanaomchukua Mbweha kama kazi. Kwao, ukiuliza kuhusu ajira, Pete na Mbweha ni mkataba wa kazi tu, hakuna tapeli. Ndiyo maana siku hizi naandika swali, na maana nitakayotumia, kabla ya kuchanganya kadi. La sivyo, unachagua maana ukishaona picha, na hapo unasoma woga wako mwenyewe.

Na hata ningesoma vizuri, kadi zisingetaja mikopo minne. Zingempa rafiki yangu swali moja tu: "Mambo ya pesa yako yakoje?" Hilo unamuuliza mtu ana kwa ana, akiwa macho. Mimi nilimpa jibu, akaenda kulitafutia ushahidi jamaa akiwa amelala.