Sukari ya Kidole na Sukari ya Kihisi

Mgonjwa wa kisukari anatembea baada ya kujidunga insulini. Kihisi kilichobandikwa mkononi kinasoma 5.2 mmol/L, mshale ukielekea chini. Anachoma kidole, kipimo kinasema 4.0. Huenda hakuna kifaa kilichokosea hapo.

Tone la kidoleni ni damu. Kihisi hakigusi damu. Uzi wake mwembamba umezama chini ya ngozi, kwenye majimaji yanayozizunguka seli, na kimeng'enya kilichopakwa juu yake hubadilisha glukosi kuwa mkondo mdogo wa umeme. Glukosi hupita kwanza kwenye mishipa midogo ya damu ndipo iyafikie majimaji hayo, na safari hiyo hula dakika kadhaa. Kisha ipenye utando wa kihisi, halafu programu isawazishe mkondo usirukeruke. Tuseme jumla ni dakika 10.

Sukari ikitulia, dakika hizo hazionekani. Ikishuka kwa 0.12 kila dakika, mara 10 ni 1.2, na hiyo ndiyo tofauti ya mgonjwa wetu: kihisi kinamsomea damu ya dakika 10 zilizopita.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, huja baadaye. Dakika 5 zikipita, damu iko 3.4, naye anakunywa juisi yenye gramu 15 za sukari. Damu inagusa 3.3, kisha inaanza kupanda. Robo saa baada ya juisi, kidole kinasoma 4.4 ilhali kihisi ndiyo kwanza kinaonyesha 3.3 na kupiga king'ora. Akikiamini, atakunywa glasi ya pili, na saa moja baadaye sukari itakuwa juu mno. Ndiyo maana baada ya kutibu sukari iliyoshuka, kipimo cha kuamua kama uongeze ni cha kidole.

Kidole nacho si hakimu asiyekosea. Kiwango cha ISO 15197 cha 2013 kinaruhusu kipimo kitofautiane na maabara kwa hadi asilimia 15 kuanzia 5.6 kwenda juu, na vidole vilivyotoka kumenya embe hudanganya zaidi ya hapo. Nawa kwanza.

Utajuaje basi kama ni kuchelewa au ni kasoro? Subiri mshale ulale, kwa mfano kabla ya kula, ndipo ulinganishe. Tofauti ya kuchelewa itakuwa karibu imekwisha. Ikibaki kubwa, tafuta sababu nyingine: kihisi kipya katika saa 24 za mwanzo, au mkono uliolaliwa usiku, ambapo majimaji hukamuliwa na namba huporomoka ghafla, kisha hurudi mtu akigeuka. Kwa vihisi vinavyokubali kurekebishwa kwa namba ya kidole, wakati wa kufanya hivyo ni huohuo wa utulivu. Ukikirekebisha sukari ikishuka mbio, utakifanya kisome chini ya ukweli hata itakapotulia.