Kila baada ya sekunde 60

Dashibodi inayokatika kila dakika hujisaliti mapema kwa tabia yake. Mchana, ujumbe unapomiminika, haikatiki. Usiku, kazi ikipungua, inakatika kwa mpangilio. Mwenzangu mmoja, mtunzaji wa dashibodi ya kampuni ya kusafirisha vifurushi, alianzia hapo. Makarani wa zamu ya usiku walikuwa wamechoka kuona alama ya kijani ikigeuka nyekundu, kisha kijani tena, na orodha nzima ya magari ikijipakia upya kila mara. Kabla hajagusa msimbo wowote, alipima kwa saa. Kutoka ujumbe wa mwisho hadi kukatika zilipita sekunde 60, na zamu iliyofuata zikapita 60 zile zile. Mtandao mbovu hauna nidhamu ya namna hiyo. Ukikuta namba kamili, tafuta mahali ilipoandikwa.

Ilikuwa imeandikwa kwenye proksi. Websoketi, kwa kanuni za RFC 6455 za Desemba 2011, huanza kama ombi la kawaida la wavuti, kisha njia hiyo hubaki wazi ili seva na kivinjari waongee wakati wowote. Lakini mara nyingi hawaongei ana kwa ana. Katikati hapa alikuwapo `nginx`, na kigezo chake `proxy_read_timeout`, kisipobadilishwa, ni sekunde 60. Hizo si sekunde za umri wa muunganisho, ni za ukimya: seva isipotuma chochote kwa muda huo, proksi inaihesabu kuwa imekufa na kufunga njia. Kwenye kivinjari ilionekana namba 1006, ambayo hakuna aliyeituma. Kivinjari huiandika chenyewe pale muunganisho unapokatika bila kuagana. Logi ya proksi ilisema waziwazi zaidi:

```
upstream timed out (110: Connection timed out) while proxying upgraded connection
```

Wengi wangepandisha kigezo hicho hadi saa nzima na kwenda nyumbani. Yeye hakufanya hivyo, na hapo ndipo nilipoanza kuitazama kazi yake kwa makini. Proksi unayoimiliki ni moja tu kati ya wanaosimama njiani. Kuna kisawazisha mzigo cha mtoa huduma, kuna ruta ya ofisini, kuna mitambo ya kampuni ya simu, na kila mmoja ana subira yake ambayo huwezi kuibadilisha. Tena, subira ya saa nzima ina maana kwamba muunganisho uliokufa kimya kimya unaweza kuhesabiwa hai kwa muda wote huo. Kwa hiyo aliacha zile 60 zilivyo, akaondoa ukimya.

Kanuni za websoketi zina fremu ndogo kwa kazi hiyo, `ping` na jibu lake `pong`, sawa na mtu kupiga hodi na mwenye nyumba kuitika. `ping` tupu kutoka kwa seva ni baiti 2. `pong` ya kivinjari ni baiti 6, kwa sababu kila kinachotoka kwa mteja lazima kifunikwe kwa ufunguo wa baiti 4. Seva yake hutuma `ping` kila sekunde 25, ili hata ikichelewa mara moja bado iwe ndani ya dakika. Mteja ambaye hajajibu mpaka zamu inayofuata huondolewa.

Nilimuuliza kwa nini kazi hiyo haikupewa ukurasa wenyewe, maana kuandika kipima muda upande wa kivinjari ni rahisi zaidi. Akanionyesha karani aliyefungua dashibodi kisha akahamia kichupo kingine. Chrome, ukurasa ukifichwa kwa zaidi ya dakika 5, inaweza kupunguza vipima muda vyake hadi mara moja kwa dakika. Mapigo ya kila sekunde 25 yangegeuka ya kila 60, na tatizo lile lile lingerudi kwa mlango wa nyuma. `pong` haiathiriki na hilo kwa sababu hujibiwa na kivinjari chenyewe, bila kungoja msimbo wa ukurasa.

Faida hiyo ina gharama yake: kwa kuwa kivinjari hujibu chenyewe, ukurasa hauioni `ping` kabisa. Seva itajua mteja yuko hai, lakini mteja hatajua kama seva ipo. Basi pamoja na kila `ping` seva hutuma ujumbe mfupi wa kawaida, na ukurasa hukumbuka saa ulipofika. Zikipita sekunde 40 bila kusikia lolote, ukurasa unahesabu njia imekufa. Karani akirudi kwenye kichupo kilichofichwa, ukaguzi hufanyika papo hapo bila kungoja kipima muda. Hapo pia aliepuka mtego usioonekana kwa haraka: kufunga websoketi iliyokufa kunaweza kuchukua muda mrefu, kwa sababu kivinjari kinangoja kuagwa na upande ambao haupo tena. Msimbo wake haungoji. Unaacha kuisikiliza soketi ya zamani na kufungua nyingine.

Sehemu ya kuunganisha upya ndiyo niliyoisoma kwa raha kuliko zote. Seva ikizimwa kwa ajili ya toleo jipya, kurasa zote hukatika kwa pamoja, na zikirudi kwa pamoja zinaweza kuilemea seva inayoamka. Mistari hii miwili inazitawanya:

```js
const kikomo = Math.min(30000, 1000 * 2 ** jaribio);
const subira = Math.random() * kikomo;
```

Kikomo huanzia sekunde 1, hukua mara mbili kila jaribio linaposhindikana, na hakivuki 30. Bahati nasibu huchukua popote kati ya sifuri na kikomo. Hesabu ya majaribio haifutwi mara tu soketi inapofunguka. Hufutwa baada ya muunganisho kudumu sekunde 10, kwa sababu seva mgonjwa inaweza kukubali muunganisho na kuuangusha hapo hapo. Hesabu ikifutwa mapema mno, kurasa zote zitarudia kuigonga kila baada ya muda mfupi.

Kilichobaki ni yale yaliyotokea wakati njia imekatika. Kila tukio lina namba ya mfululizo. Ukurasa ukirudi husema namba ya mwisho iliyopokelewa, tuseme 4182, na seva hutuma kuanzia 4183. Ikiwa pengo ni kubwa kuliko akiba iliyowekwa, seva hutuma hali nzima upya. Tukio likifika mara mbili, la pili linatupwa.

Kwenye majaribio hakuizima seva. Seva inayozimwa vizuri huaga, na kivinjari hujua mara moja. Alitaka ukimya wenyewe, kwa hiyo kwenye seva ya majaribio alizimeza pakiti zinazotoka:

```
iptables -A OUTPUT -p tcp --sport 443 -j DROP
```

Tulikaa tukitazama. Kwanza hakuna kilichobadilika, kisha alama ikageuka njano na orodha ikabaki palepale, ikiwa na saa ya taarifa ya mwisho juu yake, ili karani asidhani anasoma habari za sasa. Alipoiondoa kanuni ile, alama ilirudi kijani na magari mawili yakasogea kwenye orodha bila ukurasa kujipakia upya.

Akabaki na swali la upande wa pili: agizo ambalo karani alilibofya sekunde ile ile njia ilipokatika. Ukurasa hauwezi kujua kama lilifika na jibu likapotea, au halikufika kabisa. Aliliwekea kila agizo kitambulisho kinachotengenezwa kwenye kivinjari kabla ya kutumwa. Ukurasa hulituma tena hadi lithibitishwe, na seva ikikutana na kitambulisho inachokijua hurudisha jibu la awali bila kumpa dereva kazi ile ile mara ya pili.