Bangili ya Msomera na Maneno Yake

Kutunga shanga ni hesabu. Mtu akiiona bangili pana ya Kimaasai pale stendi ya Korogwe huona rangi kwanza, lakini aliyeitunga alianza na idadi: nyekundu ngapi kabla ya nyeupe moja, mistari mingapi mpaka upana utoshe, mchoro urudie wapi ili ncha mbili zikutane sawasawa kwenye kifungo. Punje moja ikizidi katika mstari wa tatu, mchoro wote unapinda kuanzia hapo, na dawa yake ni kufumua tu. Naisifu kazi hii kwa sababu haivumilii makadirio. Na anayeiuza kwa mtu aliye mbali, mtu atakayeiona kwenye simu tu, anadaiwa usahihi uleule katika kila neno analoliandika chini ya picha.

Handeni ina watungaji wa tangu zamani, Wakwavi waliochunga mifugo jirani na mashamba ya Wazigua. Kuanzia Juni 2022, familia za Kimaasai zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, mikono ikaongezeka. Kule Ngorongoro mnunuzi alikuja mwenyewe hadi bomani, akaigusa bangili, akaivaa, akalipa. Msomera hakuna kreta, na watalii hawana njia ya kupita hapo. Mzigo unakwenda mnadani, au unapelekwa Korogwe kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, ambako abiria ana dakika chache tu kabla basi halijaondoka. Ndiyo maana baadhi ya akina mama wameanza kuuza kupitia Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono lililoanzishwa Brooklyn, Marekani, mwaka 2005. Duka ninalolifahamu mimi limefunguliwa na binamu wa mtungaji mmoja, anayeishi Ujerumani, kwa kuwa mfumo wa malipo wa soko hilo haufiki kila nchi. Yeye hupokea oda na fedha. Mkono unaotunga uko Msomera, na duka linasema hivyo waziwazi. Ni lazima liseme, maana neno Maasai limebandikwa kwenye bangili nyingi ambazo hakuna Mmaasai aliyezigusa.

Mnunuzi haingii dukani kwa mlango. Anaandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, na mashine inalinganisha maneno hayo na kichwa cha tangazo, aina ya bidhaa, na tagi alizoweka muuzaji. Etsy inatoa nafasi za tagi 13 kwa kila bidhaa, na kila tagi isizidi herufi 20, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Hapo hesabu ya shanga inarudi. Tagi ambayo kila mtu angeifikiria kwanza ni `maasai beaded bracelet`. Ihesabu: ni 22. Haiingii. Basi inagawanywa kuwa `maasai bracelet` na `beaded bracelet`, na kila moja inamkamata mtafutaji wake. `handmade in tanzania` ina herufi 20 kamili. `beaded leather cuff` ina 19. Tagi ya neno moja kama `bracelet` ni nafasi iliyotupwa, kwa sababu bidhaa imekwisha kuwekwa kwenye kundi la bangili na mashine inalijua hilo. Kadhalika kurudia neno lilelile kwa umoja na wingi ni kujibana bure.

Mtungaji alitaka jina la kijiji chake liwemo, na ninamwelewa. Lakini hakuna mtu wa Hamburg anayeandika `msomera` akitafuta zawadi ya dada yake. Jina la kijiji mahali pake ni kwenye maelezo, katika sentensi ya kwanza kabisa, ambako mnunuzi aliyekwisha kuvutwa na picha analikuta na kujua kazi imetoka wapi. Kuna pia tagi za kishawishi. Ukiweka `silver` kwenye bangili isiyo na fedha hata chembe, utapata watazamaji watakaofungua na kuondoka, na Etsy hupima jinsi watu wanavyoliitikia tangazo linapoonekana. Tangazo linalofunguliwa na kuachwa linasogezwa nyuma. `tribal` nayo siipendi hata kidogo, kwani haisemi ni nani aliyetunga wala ametunga nini.

Kwenye maelezo ya malighafi ndipo ninapowaheshimu zaidi watungaji hawa, kwa sababu wanajua vitu ambavyo muuzaji wa kawaida hajui kwamba havijui. Shanga za kioo zinazosifika duniani zinatoka Jamhuri ya Cheki, hasa eneo la Jablonec nad Nisou. Za Kichina ni rahisi, na punje zake mara nyingi hazilingani: moja nene, nyingine nyembamba kama karatasi. Ukubwa hutajwa kwa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo punje inavyopungua. Namba 8 ni kubwa kuliko namba 10. Bangili pana nzuri za Msomera nilizoziona zimetungwa kwa namba 10. Kioo kinajulikana kwa ubaridi wake ukikiweka kwenye meno, na kwa mlio wake kikianguka juu ya bati. Plastiki ni vuguvugu na bubu.

Rangi ina mtihani wake. Shanga nyingine rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe, na hiyo haitoki. Nyingine zimepakwa, hasa za waridi na zambarau, nazo ndizo zinazoaibisha. Mtungaji makini huzisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha huacha uzi wake mmoja juani, nusu ukiwa umefunikwa. Baada ya wiki chache anafunua na kulinganisha. Rangi ikiwa imefifia, shanga hizo hazitumiki kwa oda ya mtu wa mbali, na kama mnunuzi anasisitiza anazitaka, maelezo yanasema: rangi hii itapauka ikikaa juani.

Watu wa bara walikuwa wakali juu ya shanga tangu zamani sana. Richard Burton, aliyepanda kutoka Pangani hadi Vuga mwaka 1857, aliandika kwa urefu juu ya shanga za misafara, zikiwemo nyekundu zilizoitwa samesame, na jinsi kila sehemu ya bara ilivyokuwa na aina yake inayopendwa. Msafara uliobeba aina isiyopendwa uliweza kukosa hata chakula cha kununua njiani. Kwa hiyo swali la ni shanga ipi hasa, ya rangi ipi, ya ukubwa upi, si jambo lililoletwa na Etsy.

Basi maelezo mema ya bangili moja yanasomeka hivi: imetungwa kwa mkono Msomera, Handeni, shanga za kioo za Cheki namba 10, imeshonwa kwa uzi wa nailoni juu ya ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 2, kifungo cha chuma, upana sentimita 3, isilowekwe majini kwa kuwa ngozi itakakamaa. Kila neno hapo linaweza kupimwa na mnunuzi akiishika. Kama muuzaji hajui madini ya kifungo, aandike metali tu na asiite shaba. Kwa hereni jambo hili ni zito zaidi, kwani sheria za Umoja wa Ulaya zinaweka kikomo cha nikeli kwa vitu vinavyopita kwenye ngozi ya mtu.

Oda maalumu ndiyo kilele. Mnunuzi mmoja aliandika kwamba anataka bangili ya upana wa sentimita 3, nyekundu, nyeupe na bluu, na kwamba mkono wake ni sentimita 16. Ujumbe ulipofika Msomera, swali la mtungaji lilikuwa: “Mwanangu, hizo 16 ni za mkono au za bangili?”

Hapo ndipo oda nyingi zinapoharibika. Bangili ikilazwa mezani huwa na urefu mmoja, lakini ikikunjwa, shanga zinazunguka duara la nje huku ngozi ikizunguka duara la ndani. Uzi unaopita katikati ya punje uko kama milimita 3 juu ya ngozi ya mvaaji, yaani milimita 2 za ngozi ya ng'ombe na nusu ya unene wa shanga. Mzunguko wa uzi huo unauzidi mzunguko wa mkono kwa milimita 3 zilizozidishwa kwa 2 na kwa 3.14: karibu sentimita 2. Anayetengeneza bangili ya sentimita 17 kwa mkono wa 16, akidhani ameacha nafasi, ametengeneza kitu kisichofunga.

Kwa hiyo 16, ongeza 2 za unene, ongeza 1 ya kupumulia: 19. Toa 1.5 ya sehemu ya kifungo, zinabaki 17.5 za shanga. Mtungaji hakukisia idadi. Alitunga sentimita 5 kutoka kwenye mfuko atakaoutumia, akahesabu punje 31. Kwa sentimita 17.5 hiyo ni 108 na nusu. Mchoro wake unajirudia kila punje 12, na 108 ni marudio 9 kamili, kwa hiyo ncha zitakutana bila kipande kilichokatika. Upana wa sentimita 3 ulitaka mistari 13, na 13 ni namba njema kwa kuwa ina mstari wa katikati. Jumla punje 1,404, akaongeza kama moja kwa kila kumi kwa zile zitakazopasuka, na za kila rangi zikatoka kwenye mfuko mmoja, maana bluu ya mfuko wa wiki ijayo si lazima iwe bluu hii.

Bluu ipi? Kila simu ina bluu yake. Binamu alipelekewa picha ya nyuzi tatu za bluu juu ya karatasi nyeupe, kivulini, kila uzi na namba yake. Mnunuzi akachagua namba 2. Kisha yote yakaandikwa katika ujumbe mmoja: mzunguko wa mkono, upana, rangi kwa namba, mchoro, aina ya kifungo, tarehe ya kutumwa. Hakuna punje ya bangili hiyo iliyoingia kwenye uzi kabla mnunuzi hajajibu kwamba amekubali. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, lakini agizo la Umoja huo la mwaka 2011 linaiondoa bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mtu mwenyewe. Ujumbe ule basi unawalinda wote wawili: bangili ikija tofauti na ilivyoandikwa, mtungaji anaitengeneza upya; ikija kama ilivyoandikwa, ni mali ya aliyeiagiza.

Nawe ukitaka kuagiza bangili kutoka Handeni, zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wako bila kuukaza, ukate, ulaze kando ya rula, na utume kipimo hicho kama kilivyo. Usiongeze chochote. Sema tu kwamba ni kipimo cha mkono, na umwachie mtungaji afanye hesabu yake.